Ilipopungua mia moja: uchambuzi wa hadithi ya Zuhura na kanga ya bibi

Rasimu inayochambuliwa hapa ni mfano uliotungwa kwa ajili ya uchambuzi huu. Ni hadithi fupi ya watoto wa miaka saba hadi tisa: kurasa 24, maneno yasiyozidi 700, picha kila ukurasa. Zuhura yuko darasa la pili, anaishi Buguruni na bibi yake, anaweka sarafu kwenye kibubu, kisha anamnunulia bibi zawadi. Hadithi za aina hii huandikwa sana, na nyingi huvunjika mahali palepale. Rasimu ya kwanza ilivunjika hivi:

"Zuhura aliweka shilingi mia moja kila siku kwa wiki mbili. Kila jioni alizihesabu. Siku ya Jumamosi alipanda daladala mpaka Kariakoo kununua doti ya kanga. Muuza duka alimtazama kwa huruma. 'Pesa yako haitoshi, lakini kwa kuwa una moyo mzuri, chukua.' Zuhura alifurahi sana. Bibi alitokwa na machozi ya furaha. Tangu siku hiyo Zuhura alijua kuwa akiba ni jambo jema."

Lugha ni safi na nia ni njema. Tatizo liko kwenye hesabu. Katika hadithi ya sarafu, hesabu haiwi pambo, kwa sababu ndiyo inayoisukuma hadithi kutoka ukurasa mmoja hadi mwingine. Mtoto wa darasa la pili yumo katika miaka ya kujifunza kuhesabu, na anaposoma kwamba mtu ana sarafu kumi, anazihesabu kweli. Akikuta hesabu haikai, haamini tena kilichobaki.

Tuanze na wiki mbili. Mia moja kwa siku 14 ni shilingi 1,400. Lakini Zuhura hupewa pesa ya shule, na Jumamosi na Jumapili hakuna shule. Kwa hiyo siku za kuweka ni kumi, na kibubu kina shilingi 1,000. Doti ya kanga mpya dukani ni maelfu ya shilingi. Hata tukiiweka kwa 10,000, Zuhura angehitaji siku 100 za shule, na mwaka mzima wa shule za msingi Tanzania una siku 194. Zaidi ya nusu mwaka haiingii kwenye maneno 700, labda mwandishi aandike "siku zikapita, miezi ikapita", na hapo mtoto anayesoma hana la kuona wala la kungojea.

Muuza duka mwenye huruma aliletwa ili azibe pengo hilo. Ubaya wake hautoki kwenye wema. Kariakoo wapo wauzaji wa namna hiyo. Ubaya ni kwamba anamnyang'anya Zuhura hadithi yake. Ikiwa kanga inapatikana kwa huruma, basi sarafu kumi au sarafu mbili zingefika palepale, na siku zote za kujinyima hazikuwa na kazi. Kipimo chepesi cha kugundua kasoro hii ni kufuta kibubu chote kwenye rasimu, kisha kusoma mwisho. Mwisho ukibaki vilevile, sarafu hazimo kwenye hadithi, zimo kwenye jina lake tu.

Daladala nayo ilileta shida mbili. Nauli ya mwanafunzi hulipwa na mwanafunzi anayeonekana ni mwanafunzi. Jumamosi, akiwa na gauni la kutokea, konda atamdai nauli ya mtu mzima, na kwenda na kurudi kunamaliza kibubu kabla duka halijaonekana. Pili, hakuna mzazi atakayemsomea mtoto wake kwa utulivu habari za msichana wa miaka minane aliyeingia Kariakoo peke yake. Ukimwongezea dada wa kumsindikiza, umeongeza nauli nyingine. Kila mhusika anayeingia kwenye hadithi ya sarafu anaingia na gharama yake.

Palikuwa na njia mbili: kurefusha muda au kupunguza zawadi. Kurefusha tumeshaona kunaishia wapi. Kupunguza zawadi kukafungua jambo ambalo rasimu ya kwanza haikuligusa, yaani bibi mwenyewe. Katika rasimu ile bibi hakuwa na uhitaji wowote. Alikuwa mtu wa kupokea na kulia. Swali likawa: shilingi 1,000 inaweza kununua nini ambacho bibi huyu, na si bibi mwingine yeyote, anakihitaji wiki hii?

Jibu lilikuwa kwenye sanduku lake. Kanga huuzwa doti, yaani kanga mbili zilizochapwa kwenye kitambaa kimoja kirefu. Mwenye nayo huikata katikati, kisha hupinda pande zilizo wazi. Pande ndefu za kila kanga zimefungwa tangu kiwandani, ila pande fupi mbili hufumuka nyuzi zisipopindwa. Doti nzima basi ina pande nne za kupinda, kila mmoja kama mita moja na kidogo. Kwa cherehani ni kazi ya muda mfupi. Kwa mkono ni kazi ya siku kadhaa, na inahitaji macho ya kutunga uzi.

Bibi katika rasimu ya pili ana doti ambayo alishaikata na kuanza kuipinda kwa mkono. Alipofika nusu ya upande wa kwanza macho yakakataa. Akachomeka sindano kwenye kitambaa, akakunja, akarudisha sandukuni. Zuhura anamwona. Zawadi ni kumlipa fundi amalizie, na fundi yupo hapo hapo mtaani, barazani kwa jirani. Daladala imeondoka na Kariakoo imeondoka.

Hapa kuna mtego ambao msomaji wa Pwani atauona mara moja. Doti isiyokatwa sandukuni kwa bibi aghalabu ni akiba ya kutunza watu: mzazi aliyejifungua, bi harusi, mgeni aliyetoka mbali. Mtoto akiichukua na kuikatisha kwa fundi ameharibu zawadi ya mtu mwingine, kwani doti ikishakatwa na kupindwa haibebeki tena kama mpya. Ndiyo maana ni lazima bibi awe ameikata mwenyewe, na ni lazima tumwone akishindwa kutunga uzi, ukurasa wa 4 na wa 5, kabla kibubu hakijatajwa. Ukiacha picha hiyo, Zuhura anakuwa mtoto anayepekua sanduku la mkubwa.

Sasa kibubu. Rasimu ya kwanza ilisema "kila jioni alizihesabu", jambo lisilowezekana kwa kibubu cha mbao kilichopigwa misumari. Kina tundu la kuingizia tu, na hakihesabiwi mpaka kivunjwe. Kosa hili lilipotazamwa vizuri likageuka kuwa msaada mkubwa kuliko yote. Kama Zuhura haoni ndani, inabidi ahesabu nje. Katika rasimu mpya anachora mstari mmoja wa mkaa nyuma ya mlango kila asubuhi ya shule, kabla hajatoka. Anapewa 200: mia ya kula, mia ya kibubu. Jumatano ya wiki ya pili jua ni kali, na anakula barafu mbili, mia kwa mia. Jioni hakuna kinachoingia kibubuni. Lakini mstari wa asubuhi ulishachorwa.

Rasimu haisemi lolote zaidi kuhusu hilo. Ukurasa wa 9 una barafu, sentensi mbili. Ukurasa wa 10 una mlango wenye mistari minane. Ijumaa mistari ni kumi, na sarafu ni tisa, na mwenye kujua hilo ni yule msomaji mdogo aliyekuwa makini. Mwandishi alitaka kuongeza "Zuhura alisahau kuwa siku ile hakuweka". Sentensi hiyo ilifutwa, na ni vizuri ilifutwa, maana ingemnyima mtoto nafasi ya kujua jambo kabla ya mhusika.

Wapi kivunjwe? Nyumbani bibi atasikia. Kwa hiyo Ijumaa baada ya shule Zuhura anakibeba kizima hadi kwa fundi, pamoja na kanga:

"'Shikamoo fundi.'
'Marahaba mwanangu. Kanga ya nani?'
'Ya bibi. Anashindwa kutunga uzi.'
Fundi aliigeuza kanga. 'Pande nne. Kila upande mia mbili hamsini. Buku.'
'Elfu moja,' alisema Zuhura. 'Ninayo.'
Fundi alichukua bisibisi ya cherehani, akabandua ubao wa chini. Sarafu zikamwagika mezani. Swala, swala, swala. Zuhura alizipanga kwa mstari. Swala tisa.
Alihesabu tena. Swala tisa."

Sarafu ya mia ina swala upande mmoja na Nyerere upande wa pili. Watoto wengi huzitambua sarafu kwa wanyama wake kabla ya kusoma tarakimu: kifaru ni hamsini, simba ni mia mbili, nyati ni mia tano. Kuandika "swala tisa" kunampa mtoto kitu cha kuona na kunampa mchoraji kitu cha kuchora, na kunaokoa sentensi kutoka kwenye "mia tisa", ambayo ni kiasi tu. Fundi anasema "buku" kwa kuwa fundi wa Buguruni ndivyo asemavyo, na Zuhura anajibu "elfu moja" ili mtoto wa Songea au Kigoma asipotee. Maelezo yamebebwa na mazungumzo.

Upungufu wa mia moja ndio kiini cha hadithi nzima, na mwandishi alijaribu njia tatu za kuutatua. Ya kwanza ni fundi kusamehe. Hiyo ni muuza duka yuleyule amevaa tepu ya kupimia shingoni. Ya pili ilikuwa na akili: pande tatu ni 750, zibaki 150, upande wa nne apinde bibi. Hesabu inakaa. Lakini bibi haoni tundu la sindano, kwa hiyo upande wa nne utafumuka, na zawadi inarudi kwenye tatizo lilelile ililokuja kulimaliza. Ya tatu ndiyo iliyobaki, nayo ni desturi ya kawaida ya mafundi: anapokea tisa, anashona, na nguo inakaa kwake mpaka mia iliyobaki ije. Mia itapatikana lini? Jumatatu, siku ya shule. Hakuna aliye mkali wala aliye mwema kupita kiasi, ila kanga ya bibi italala nje ya sanduku siku tatu.

Barafu moja imezaa siku tatu za wasiwasi. Hapo ndipo hesabu inapogeuka kuwa kisa.

Jumapili asubuhi mwanga ni mzuri barazani. Bibi anatandika mkeka, anachukua sindano nyingine na uzi, na anafungua sanduku ili ajaribu tena. Ukurasa wa 15 unaishia kwa swali lake. Ukurasa wa 15 uko mkono wa kulia, kwa hiyo jibu liko nyuma ya karatasi na mtoto lazima afunue. Mwandishi wa kurasa 24 asipopanga maswali yake yakae kwenye kurasa za witiri, picha ya jibu itakuwa pembeni ya swali, na jicho la mtoto litaiona kabla sikio halijasikia.

Rasimu ya pili ilimfanya Zuhura ajibu "Sijaiona, bibi." Uongo huo ni mdogo na watoto wote wanaujua, lakini unabadilisha hadithi. Mtoto akishadanganya, msomaji hangojei tena zawadi, anangojea kukiri na kuomba radhi, na Jumatatu inageuka kuwa siku ya hukumu. Kumfanya aseme ukweli nako kunamaliza kila kitu Jumapili. Ilihitajika njia ya kutojibu ambayo haimvunjii bibi heshima, maana mtoto haulizwi na mkubwa akakaa kimya tu. Rasimu ya tatu inasema hivi:

"'Mke mwenzangu, hukuiona kanga yangu?'
Zuhura aliitazama sindano mkononi mwa bibi. Uzi ulikuwa unapita pembeni, unapita pembeni.
'Bibi, nipe nikutungie.'
Aliulamba uzi, akautunga mara moja.
Bibi aliitazama sindano. Akamtazama Zuhura. Akaichomeka sindano kwenye mtandio wake.
'Haya,' alisema. 'Panya hawali kanga nzima. Tutaiona.'"

"Mke mwenzangu" ni utani wa bibi kwa mjukuu wa kike, na haukuwemo katika rasimu mbili za mwanzo, ambamo bibi alikuwa akisema "mjukuu wangu mpendwa". Bibi wa Buguruni haongei hivyo na mtoto anayelala naye chumba kimoja. Neno moja la utani limewasogeza karibu kuliko sifa tatu. Na tendo la kutunga uzi linamjibu bibi bila maneno: anayejua kwa nini kanga ilikwama ni huyu hapa. Kama bibi ameelewa au hajaelewa, maandishi hayasemi, na inafaa yasiseme.

Upande wa lugha, marekebisho mengi yalikuwa ya vitenzi. Mtoto anayejifunza kusoma kwa silabi anaweza kusoma neno refu, ila akifika mwisho wake amesahau mwanzo. "Sarafu alizokuwa amezikusanya" ikawa "sarafu za kibubu". "Aliyokuwa akiipenda" iliondolewa kabisa. Sentensi nyingi sasa hazizidi maneno kumi. Neno "pindo" lilileta utata wa pekee: kwenye kanga, pindo ni ule ukingo uliochapwa unaozunguka mji, yaani sehemu ya katikati, na rasimu ililitumia pia kwa mshono wa fundi. Mtoto angedhani fundi anashona maua. Likabaki kwa ukingo tu, na kazi ya fundi ikaitwa "kupinda upande".

Jina la kanga lilijadiliwa kwa urefu zaidi ya lilivyostahili. Mwandishi alitaka iandikwe AKIBA HAIOZI. Ni methali nzuri na inafaa kwenye kanga, lakini hapa ingekuwa funzo la hadithi kwa herufi kubwa, katikati ya picha, kurasa sita kabla ya mwisho. Iliamuliwa kanga ichorwe ikiwa imekunjwa, herufi mbili tatu zionekane, na mtoto asome anachoweza.

Mwisho ulibaki na kazi moja. Fundi angeweza kufumua mshono wa bibi na kuanza upya, kwani mashine hupenda upande mzima. Zuhura anamwomba asiufumue, na ombi hilo lilibidi liwekwe Ijumaa, ukurasa wa 12, likiwa jambo dogo katikati ya habari za pesa, ili Jumatatu lisionekane limeletwa kwa haraka. Jumatatu analeta swala wa kumi, anapewa kanga, anakimbia nyumbani. Machozi ya furaha yaliondolewa, pamoja na sentensi ya akiba ni jambo jema. Kurasa za 23 na 24 sasa zina haya tu:

"Bibi alipitisha kidole kwenye upande wa kanga. Kikapita, kikapita, kikasimama.
'Hapa ni mimi,' alisema.
Akakisogeza kidogo.
'Na hapa?'
'Hapo ni mimi,' alisema Zuhura."

Palikuwa na hoja kwamba jibu hilo si kweli, kwamba aliyeshona ni fundi. Lakini mtoto aliyefuata swala tisa, barafu, na mia ya Jumatatu anajua ni nani aliyelipia kila shono pale. Hoja iliyobaki ni ya mchoraji, na asipoizingatia maneno hayo mawili hayataeleweka. Mshono wa bibi uchorwe kwa nukta kubwa, zenye nafasi zisizolingana, zikipanda na kushuka kidogo. Wa mashine uwe mstari mwembamba wa nukta ndogo zilizonyooka. Mahali mishono inapokutana pakae katikati ya ukurasa wa 24, chini ya kidole, na rangi ya uzi isifanane: bibi alitumia mweupe, fundi alikuwa na mwekundu mashineni na hakuubadilisha.